Kunguni na kotesheni tatu: mita ya mraba inakuuzia nini?

Mpangaji mwenye kunguni akiomba bei kwa kampuni tatu za kupuliza dawa, mara nyingi atapata karatasi tatu ambazo hata akizipanga sambamba mezani hazilinganishiki. Moja imehesabu mita za mraba, nyingine imehesabu vyumba, ya tatu imehesabu awamu za kazi. Moja inataja jina la dawa, nyingine inasema tu kwamba dawa ni kali na haina harufu. Dhamana ni siku 60 huku, miezi sita kule. Kwa kukosa pa kushika, mteja anashika tarakimu ya mwisho chini ya ukurasa, na kampuni zinalijua hilo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na korido, jumla mita za mraba 90. Kunguni wameonekana kwenye vyumba viwili, na anayelala cha tatu ameanza kujikuna. Familia imeshamaliza makopo kadhaa ya dawa ya dukani. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, ila namna ya kuandika kotesheni zenyewe atakayewahi kuziomba ataitambua.

Kampuni ya kwanza, tuiite A, imeandika: fumigesheni ya nyumba nzima, mita za mraba 90 kwa shilingi 1,500, jumla 135,000, dawa kali ya kisasa isiyo na harufu, dhamana miezi sita. Kampuni B imeandika: kunguni, vyumba vitatu na sebule, awamu mbili, siku ya kwanza na siku ya 14, dawa ni deltamethrini, makochi hayamo, dhamana siku 60, jumla 320,000. Kampuni C imeandika: awamu tatu, mashine ya mvuke kwenye vitanda na makochi, klofenapiri kwenye nyufa, dhamana siku 90 tangu awamu ya mwisho, jumla 420,000 kabla ya VAT.

Ukizisoma haraka, A ni chini ya nusu ya bei ya B na ina dhamana ndefu kuliko zote. Kabla ya kumpigia simu, inabidi tumwangalie mdudu mwenyewe, maana ratiba yake ndiyo inayoamua kama kotesheni ina mantiki au haina.

Kunguni jike hutaga mayai machache kila siku na kuyagandisha kwenye nyufa, kwenye mishono ya godoro na kwenye matundu ya misumari. Kwa joto letu la pwani mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, mengine huchelewa mpaka karibu wiki mbili. Kitoto kinachotoka ni kidogo na cheupe, huwezi kukiona usipokitafuta kwa tochi. Kinajivua gamba mara tano mpaka kiwe mkubwa, na kila mara lazima kinyonye damu kwanza. Tangu yai mpaka kunguni anayetaga ni kama wiki tano hadi saba. Sasa jambo lenyewe: dawa nyingi zinazopulizwa majumbani zinaua kunguni anayetembea, lakini yai lililogandishwa ndani ya ufa zinaliacha. Kwa hiyo mtu akipuliza mara moja, hata kama dawa yake ni kali kiasi gani, nyumba inatulia wiki moja na kitu, halafu wageni wapya wanaanza kutoka. Awamu ya pili siku ya 14 hivi inawakuta wameshaanguliwa wote na hakuna hata mmoja aliyefikia umri wa kutaga. Hiyo ndiyo sababu ya awamu mbili. Kampuni inayokuuzia awamu moja ya kunguni imekuuzia nusu ya kazi, hata kama bei yake ni ya kazi nzima.

Eneo: mita 90 za nini?

Mita ya mraba ni kipimo kizuri mahali ambapo dawa inamwagwa chini. Mchwa ni mfano halali. Kabla ya kumwaga zege la sakafu, utaratibu unaotumika sana ni kumwagilia udongo kiasi cha lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita ya mraba. Msingi wa mita 90 unataka lita 450. Hapo mteja anaweza kuhesabu kwa macho: fundi aliyekuja na bomba la mgongoni la lita 16 angehitaji kulijaza kama mara 28, na ukiona amelijaza mara tatu akaanza kukunja vifaa, huna haja ya kuuliza zaidi.

Kwa kunguni hesabu hiyo haipo. Kunguni hakai sakafuni. Wengi wao wamejibanza kitandani au mita moja mbili kutoka kitandani: kwenye maungio ya fremu, chini ya chaga, nyuma ya ubao wa kichwani, kwenye mshono wa godoro, kwenye pindo la juu la chandarua, ndani ya kochi ambalo baba husinzia akiangalia mpira. Chumba cha mita tisa chenye vitanda viwili vya deka na mabegi yaliyojaa chini yake ni kazi kubwa kuliko sebule ya mita 25 yenye meza na viti vya plastiki. Ukilipa kwa mita ya sakafu, fundi anapata pesa nyingi mahali ambapo hakuna kunguni, na kidogo mahali walipojazana. Atafanya nini? Atatembea katikati ya chumba akinyunyiza sakafu na kuta mpaka usawa wa kiuno, akimaliza ndani ya dakika 45, na mita zote 90 atakuwa kweli amezipitia.

Kwa hiyo swali la eneo kwa kunguni ni hili: vitu gani vitafunguliwa? Kitanda kigeuzwe, chaga zitolewe, ubao wa kichwani utenganishwe na ukuta, kitambaa cha chini ya kochi kichanwe au kifunguliwe, vifuniko vya soketi vilegezwe vipulizwe unga mkavu badala ya dawa ya maji. Kazi hiyo kwa nyumba yetu ya Tabata, kwa watu wawili, ni saa nne au tano. Ndiyo maana napendelea kuuliza saa kuliko mita. Mwulize mwenye kotesheni atakuja na watu wangapi na watakaa muda gani. A akijibu kwamba anakuja mtu mmoja na kazi ni ya saa moja, umeshajua shilingi 135,000 zimepatikanaje.

B ameandika vyumba vitatu na sebule, na hilo ni bora, kwa kuwa chumba cha tatu kimeingizwa hata kama kunguni hawajaonekana humo. Ukipuliza vyumba viwili tu, walionusurika wanahamia kile cha jirani. Tatizo lake ni makochi kuachwa nje, maana kochi la sebuleni ni kitanda cha pili cha kunguni. Ukiuliza bei ya kuyaingiza, tuseme anasema 40,000 kwa awamu zote mbili. Iandike pembeni.

Kwa wanaoishi nyumba za Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba pande mbili, eneo lina maana nyingine tena. Mara nyingi kuta haziendi mpaka juu na dari ni moja. Mpangaji mmoja akipuliza chumba chake peke yake, kunguni wanapita juu ya ukuta kwenda kwa jirani, na mwezi ujao wanarudi. Kwenye fleti za Nairobi wanapita kwenye matundu ya mabomba na ya nyaya. Hapo kotesheni ya chumba kimoja, iwe ya bei gani, ni pesa za kupooza. Wapangaji wakichanga pamoja na mwenye nyumba, siku moja, vyumba vyote, kuna nafasi ya kufaulu.

Dawa: jina, kundi na mililita

"Dawa kali isiyo na harufu kutoka nje" si jina la dawa. Kila kiuatilifu halali kina vitu viwili vya kusoma kwenye lebo: jina la biashara na kiambata amilifu, yaani kile kinachoua hasa, pamoja na kiwango chake kwa lita. Jina la biashara hubadilika kutoka duka hadi duka, kiambata hakibadiliki. Tanzania dawa hizo husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Kenya kuna bodi ya PCPB. Mamlaka hizo pia ndizo zinazotoa kibali kwa wanaopuliza kibiashara. Omba picha ya lebo na ya kibali kwa WhatsApp kabla ya kulipa chochote. Kampuni yenye vitu hivyo huvituma bila kinyongo.

Ukishapata jina la kiambata, cha kujua ni kundi lake. Deltamethrini, sipamethrini, na takribani kila dawa ya kopo ya dukani, ni ndugu wa kundi moja, la pairethroidi, lililotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Zina sifa nzuri: zinaua haraka, na kwa binadamu ni salama kuliko nyingi za zamani zikitumiwa kama lebo inavyosema. Lakini kunguni wa sehemu nyingi duniani wamezizoea, na hao wa kwetu wamekuwa wakilala jirani na vyandarua vyenye dawa ya kundi hilohilo kwa miaka. Kunguni sugu akipulizwa pairethroidi anaweza kulewa kidogo, akajificha, akazinduka. Familia yetu ya Tabata imeshamaliza makopo bila mafanikio. Hiyo peke yake ni dalili kwamba wanaokaa humo ndani wana usugu, na kwamba deltamethrini ya B ikiwa peke yake katika awamu zote mbili ina mashaka.

Klofenapiri ya C ni ya kundi jingine kabisa, inamwua mdudu kwa kuvuruga namna seli zake zinavyotengeneza nguvu, kwa hiyo aliyezoea pairethroidi kwa kawaida hana kinga nayo. Ila inaua polepole, siku kadhaa. Mteja asiyeambiwa hivyo akiona kunguni hai siku ya tatu atalalamika kwamba ametapeliwa, kumbe yule anayetembea anakwenda kufa. Kuna pia mchanganyiko wa imidaklopridi, kiambata cha kundi jingine, na pairethroidi kwenye chupa moja, unaotumika sana, na ni hatua nzuri kuliko pairethroidi tupu, ingawa nao una mahali ulipoanza kuzoeleka. Mvuke ndio kitu cha pekee kwenye kotesheni ya C: joto likishafika nyuzi 50 na zaidi na kukaa hapo, kunguni anakufa na mayai yake, na hakuna usugu wa joto. Udhaifu wake ni kwamba ukishapoa haubakizi chochote, kwa hiyo hauwezi kuwa badala ya dawa, unatangulia tu.

Halafu kuna mililita. Tuseme lebo inaelekeza mililita 10 kwa lita ya maji. Vitanda, makochi, nyufa na mizunguko ya chini ya kuta kwenye nyumba hii vitakula lita 8 hadi 10 za dawa iliyochanganywa. Hiyo ni mililita 80 hadi 100 za dawa ghafi kwa awamu, chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Ukiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini hoja ya kwamba "dawa imepanda bei" haielezi tofauti ya laki na ushee kati ya kotesheni mbili. Sehemu kubwa ya unacholipa ni mikono ya watu na muda wao. Utaelewa pia kwa nini inafaa kusimama pale dawa inapochanganywa: chupa ifunguliwe mbele yako, ipimwe kwa kikombe chenye alama. Dawa inayokuja imeshachanganywa ndani ya bomba huwezi kujua ni ya mililita 10 kwa lita au mbili. Na anayezidisha naye si wa kumshukuru, maana dawa iliyozidi inabaki kwenye godoro la mtoto.

Neno fumigesheni lenyewe linachanganya watu. Kinachofanyika majumbani, hata kama karatasi imeandikwa fumigesheni, ni kupuliza dawa ya maji. Fumigesheni halisi ni gesi inayojazwa mahali palipozibwa kila upande, hupimwa kwa mita za ujazo, na hufanywa kwenye maghala ya nafaka na makontena. Gesi inayotumika sana huko hutokana na vidonge vya alumini fosfidi, ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini. Harufu yake ni kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na mara nyingine haisikiki kabisa kabla haijadhuru. Nchi za Ghuba zimeshuhudia vifo vya watu waliolala fleti ya jirani na ile iliyowekewa vidonge hivyo kwa ajili ya kunguni, kwa sababu gesi ilipenya kwenye ukuta na mifereji ya hewa. Kampuni ikitaja vidonge vya gesi kwa nyumba ya kuishi, mazungumzo yaishie hapo, haijalishi bei. Vivyo hivyo kwa unga usio na lebo unaouzwa kwa kijiko, na kwa dawa inayonukia kali mpaka macho yanatoa machozi. Harufu kali mara nyingi ni ya diklovosi, sumu ya kundi la zamani ambayo haina kazi chumbani mwa kulala.

Kwa dawa halali za kupuliza, wenye nyumba hutoka mpaka zikauke, kwa muda wa saa nne hadi sita, madirisha yakifunguliwa baadaye. Wenye tangi la samaki walitoe nje kabisa, pairethroidi kidogo tu inatosha kuwamaliza.

Dhamana: siku zinahesabiwa tangu lini, na kwa lipi?

Miezi sita ya A inavutia mpaka usome mstari wa chini: "wakirudi, tutarudia kwa gharama ya dawa na usafiri tu." Uliza gharama hiyo ni kiasi gani. Tuseme 100,000 kwa safari. Sasa dhamana imegeuka kuwa bei ya awamu ya pili. Na kwa kuwa tunajua mayai yataanguliwa, safari hiyo ya pili karibu ni ya hakika, kwa hiyo A ni 235,000, siyo 135,000. Kwa kazi ya dakika 45 ambayo haigusi chaga, ya tatu nayo itahitajika: 335,000. Tayari amezipita 320,000 za B, na bado hujui alipuliza nini.

Urefu wa dhamana una mpaka wa maana, na mpaka huo unatoka tena kwa mdudu. Kama awamu ya mwisho imeacha mayai au vitoto, ndani ya siku 60 vitakuwa vimeshakua, vimenyonya, vimeacha alama, na mwangalifu atakuwa amewaona. Siku 60 tangu awamu ya mwisho, bila kunguni hata mmoja hai, ni ushahidi mzuri kwamba kazi ilifanyika. Baada ya hapo, kunguni anayeonekana anaweza kweli kuwa mgeni, amekuja na begi la shangazi kutoka safari au na kochi la mtumba. Mwezi wa tano kampuni itasema ni mgeni, mteja atasema ni mwenyeji, na hakuna kati yao anayeweza kuthibitisha. Miezi ya mwisho ya dhamana ndefu ni pambo la kotesheni. Kwa hiyo siku 60 za B si dhaifu kuliko miezi sita ya A, mradi zihesabiwe tangu awamu ya pili. B hakuandika hivyo. Zikihesabiwa tangu siku ya kwanza, zinabaki 46 baada ya siku ya 14, na kitoto kilichonusurika kinaweza kuwa ndiyo kwanza kinakomaa zinapoisha. Mwambie aandike.

La pili ni nini kinachofungua dhamana. Kampuni nyingine huandika "malalamiko ya mteja", na hapo mzozo unaanza, kwa sababu alama za kuumwa si ushahidi. Ngozi ya mtu mmoja hutoa uvimbe siku kadhaa baada ya kuumwa, ya mwingine haitoi kabisa, na mbu wa Dar hawajafukuzwa na mtu. Kinachofaa kuandikwa ni kunguni mmoja hai, kwa picha au ndani ya kichupa. Magamba na madoa meusi kwenye shuka lililofuliwa karibuni nayo yakubaliwe kama sababu ya kuja kukagua bure. Kisha muda wa kuitika: kampuni ifike ndani ya siku ngapi tangu kupewa taarifa. Dhamana isiyo na siku za kuitika inaweza kuisha huku mnapigiana simu.

Kukagua kwenyewe ni kazi yako. Vuta kitanda kiachane na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro, shuka zisiguse sakafu, halafu kila mguu wa kitanda uwekwe ndani ya bakuli. Hapa kuna mtego mdogo: bakuli la plastiki laini, linalopendekezwa kwenye video nyingi za Ulaya na Marekani, limejaribiwa kwa kunguni wao. Kunguni wa nchi za joto, anayepatikana sana ukanda wetu, ana miguu inayoshika vizuri zaidi na huweza kupanda bakuli hilo akatoka. Paka kuta za ndani za bakuli kwa unga wa watoto, poda ile ya kawaida, na uzirudie kila wiki. Angalia kila asubuhi kwa tochi. Bakuli likiwa na kitoto hai wiki ya tano, una kichupa chako cha kudai dhamana.

Kuna pia upande wako wa dhamana, ambao kampuni makini huuandika na ambao si hila. Nguo na shuka zote zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto, au zipigwe pasi ya moto sana kwenye mishono. Kuanika godoro juani hakutoshi, maana wanahamia upande wa kivuli. Chini ya vitanda pawe tupu kabla mafundi hawajafika. Na baada ya kupuliza usipige deki kwenye kingo za kuta wala kufuta fremu za vitanda mpaka awamu zote ziishe, kwa kuwa dawa inayobaki pale ndiyo inayomsubiri kitoto atakayeanguliwa. Mteja aliyepiga deki kila siku kisha akadai dhamana anawapa kampuni sababu halali ya kukataa.

Kotesheni zinazochanganya wadudu wote kwa bei moja, "kunguni, mende, mchwa na panya", nazipita haraka. Mende wadogo wa jikoni wanamalizwa vizuri na dawa ya jeli inayowekwa matone kwenye bawaba za makabati, na ukipuliza dawa ya maji juu ya jeli hiyo mende hawaigusi tena. Mchwa ni kazi ya udongo. Panya ni mitego na kuziba matundu. Kazi nne kwa bomba moja maana yake tatu hazitafanyika.

Tuzisawazishe sasa. A, kwa awamu tatu atakazoishia kuzifanya, ni 335,000, kiambata hakijulikani, vitanda havifunguliwi. B, pamoja na makochi, ni 360,000 kwa awamu mbili kamili. C, ukiongeza VAT ya asilimia 18, ni 495,600 kwa awamu tatu na mvuke. Tofauti ya B na C ni 135,600, na inanunua vitu vitatu: mayai kuuawa siku ya kwanza, dawa ya kundi ambalo kunguni hawajalizoea, na awamu ya tatu.

Nyumba ambayo kunguni wameonekana mara ya kwanza, chumba kimoja, bila historia ya makopo, ningeipa B bila kusita. Hii ya Tabata nisingempa B kama karatasi yake ilivyo. Ningempigia nimwombe awamu ya pili atumie kiambata cha kundi jingine badala ya kurudia deltamethrini, dhamana ihesabiwe tangu siku ya 14, na aandike kwamba fremu na chaga zote zitafunguliwa. Ongezeko la gharama ya dawa kwa mililita 100 si la kumfilisi, na akiomba 30,000 zaidi ningempa. Hiyo ingekuwa 390,000. Akigoma kubadilisha dawa, ningerudi kwa C na kumwuliza bei ya awamu mbili pamoja na mvuke, ya tatu ikiwekwa kwenye dhamana, ifanyike endapo tu kunguni hai ataonekana. Malipo, kwa yeyote kati yao, yagawanywe: nusu siku ya kwanza baada ya kazi, na nusu baada ya awamu ya pili. Anayedai zote asubuhi ya kwanza hana tena sababu ya kukumbuka siku ya 14.